Mkutano Umekwisha, Kadi Unayo: Sasa Mwandikie

Mkutano wa wafugaji nyuki ukimalizika Alhamisi jioni pale AICC, Arusha, watu hutoka ukumbini na mifuko ya vipeperushi na kadi kumi au ishirini za watu waliozungumza nao. Wiki mbili baadaye kadi nyingi bado zimo mifukoni. Zile chache zilizofanyiwa kazi zimezaa ujumbe wa namna moja: "Habari, tulikutana Arusha, nilifurahi sana kukufahamu, tuendelee kuwasiliana." Anayeupokea huitikia "Asante sana, karibu," na mambo huishia hapo, kwa sababu hakuna alichoombwa wala alichopewa.

Tuchukue mtu mmoja tumfuate hatua kwa hatua. Ni mama anayechakata asali Sikonge, mkoani Tabora. Ananunua kutoka kwa warina asali wa misitu ya miombo, anachuja na kufungasha. Wakati wa chai amekaa meza moja na mzee anayeuza asali ya chupa huko Maskati, mwenye asili ya Zanzibar na Kiswahili chake fasaha. Mzee amemweleza shida yake: msimu uliopita alipata asali iliyochacha chupani, ikatoa povu, na wateja wakairudisha dukani. Akamuuliza unyevu wa asali ya Sikonge ni asilimia ngapi. Mama amejibu kwamba cheti cha maabara anacho nyumbani na atamtumia.

Mazungumzo hayo hayakuzidi dakika kumi, lakini ndani yake mna kila kitu kinachohitajika kwa barua nzuri: shida ya mnunuzi, swali alilouliza, na ahadi iliyotolewa. Hatari ni kwamba ifikapo usiku mama atakuwa amezungumza na watu wengine wanane, na asubuhi hatakumbuka ni nani aliyelalamikia povu na ni nani aliyetaka nta. Kwa hiyo kabla hajainuka mezani, au akiwa kwenye foleni ya chakula, anageuza kadi na kuandika nyuma yake: tarehe, "asali ilichacha", "unyevu?", "cheti". Asiye na kalamu aipige picha ile kadi kisha aandike maneno hayo hayo kwenye simu. Bila maandishi hayo, hata mwandishi hodari atajikuta anaandika "nilifurahi kukufahamu" kwa kukosa cha kusema.

Kuna swali moja la kuagana ambalo wengi hulisahau: "Mzee, nikuandikie kwa WhatsApp au kwa baruapepe? Na siku gani utakuwa umeshatulia?" Anayejibu swali hilo amekupa ruhusa ya kumwandikia na siku ya kufanya hivyo, na barua yako ikifika atakuwa anaitarajia.

Siku yenyewe ihesabiwe kwa kalenda ya mwenzako. Kanuni inayosemwa mara nyingi ni kuandika ndani ya saa 24 hadi 48, na kwa mtu wa Nairobi au Dodoma inafaa. Kwa mzee wetu haifai hivi hivi. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na wiki ya kazi huanza Jumapili. Barua ndefu ikitumwa Ijumaa itamkuta safarini au mapumzikoni, na ikitumwa Jumapili itazama katika lundo la barua zilizomsubiri alipokuwa Arusha. Jumatatu asubuhi ni afadhali: saa tatu ya Sikonge ni saa nne ya Maskati, naye ameshaketi. Angekuwa mtu wa Dubai hesabu ingebadilika, maana tangu Januari 2022 ofisi za serikali ya Imarati hufanya kazi nusu siku Ijumaa na kupumzika Jumamosi na Jumapili. Na mwezi wa Ramadhani, popote pale Ghuba, saa za kazi hupunguzwa. Asubuhi ndiyo ya kutegemea.

Kutoka Alhamisi mpaka Jumatatu ni siku nyingi kukaa kimya, ndiyo maana kuna ujumbe mfupi wa usiku ule ule wa Alhamisi. Kazi yake ni kuliunganisha jina na sura, na kutaja siku ambayo kilichoahidiwa kitafika:

"Assalaam alaykum mzee, shikamoo. Ni mimi wa asali ya Sikonge, tuliyekaa pamoja wakati wa chai tukazungumzia asali inayochacha. Hii ndiyo namba yangu. Cheti cha maabara nitakutumia kwa baruapepe Jumatatu asubuhi, inshallah. Nakutakia safari njema."

Hauna swali, kwa hiyo haumlazimishi kujibu akiwa anafunga mizigo. Akijibu "Marahaba, nasubiri" ni vizuri; asipojibu hakuna kilichoharibika. Asitumiwe ujumbe wa sauti wa dakika tatu, asipigiwe simu usiku huo, na kwa heshima zote asiingizwe kwenye kundi la WhatsApp la wauza asali. Hilo la mwisho limewapotezea watu wateja wengi kuliko bei mbaya; sina takwimu, lakini muulize yeyote aliyewahi kuingizwa kwenye kundi asilolitaka.

Jumatatu inakuja barua yenyewe. Kichwa chake kiwe na maneno ambayo mzee atayatambua bila kuifungua, na ambayo atayaandika mwenyewe siku akiitafuta: "Asali ya Sikonge: cheti cha unyevu, mkutano wa Arusha". Kisha:

"Mzee wangu, shikamoo.

Natumaini ulifika Maskati salama. Alhamisi ulinieleza kwamba asali ya msimu uliopita ilichachia chupani, ukaniuliza unyevu wa asali yetu. Cheti cha maabara nimekiambatisha: ni asilimia 18, kwa asali ya mavuno ya mwaka huu. Ghalani tunazo kilo 600 za mavuno hayo hayo.

Je, nikutumie chupa mbili za nusu kilo uzipime na kuzionja? Ukikubali, nipe tu anwani ya kupokelea mzigo.

Wako mtiifu,"

Chini yake jina kamili, jina la biashara, na namba ya simu inayoanza na +255.

Tuitazame kidogo. Sentensi ya pili inamrudishia mzee maneno yake mwenyewe, naye anakumbuka mara moja ni nani anayeandika. Sentensi ya tatu inatimiza ahadi, tena kwa kitu kinachogusa shida yake hasa: asali yenye maji mengi ndiyo inayochacha, na kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka unyevu usizidi asilimia 20. Mzee anayejua biashara yake ataisoma ile 18 na kuelewa bila kuhubiriwa. Mwishoni kuna ombi moja, dogo, linalojibika kwa mstari mmoja hata akiwa garini. Mama hakuandika "naomba unisaidie soko la Oman". Ombi la namna hiyo hata mtu mwema hulikwepa, kwa kuwa hajui aanzie wapi kulijibu.

Kiambatisho kiwe kimoja na chepesi. Gmail ya kawaida haikuruhusu kuambatisha mafaili yanayozidi megabaiti 25, na wapo wanaotuma picha za mizinga yote hadi barua inakataliwa, kisha wanangoja jibu la barua ambayo haikufika. Ukurasa mmoja wa cheti unatosha. Picha zitakuja zikiombwa.

Mzee akijibu, ajibiwe siku ile ile. Huenda akaandika maneno mawili tu: "Bei gani?" Hapo mama ataje bei pamoja na mahali. Bei ya kilo moja ikiwa ghalani Sikonge, ikiwa bandarini Dar es Salaam na ikiwa imefika Maskati ni bei tatu tofauti. Asiyetaja mahali atajikuta anabishana juu ya gharama za usafiri baada ya mkono kupeanwa.

Lakini mara nyingi kinachofuata ni kimya. Kimya cha siku tatu au nne hakina maana yoyote. Mtu amerudi kazini baada ya wiki ya safari, na pengine uamuzi ni wa ndugu yake anayeshika fedha. Tiki mbili za kijivu kwenye WhatsApp zinasema tu kwamba ujumbe umefika kwenye simu. Za bluu zinasema umefunguliwa, na wapo waliozizima kabisa, kwa hiyo kukosekana kwa bluu si dalili ya dharau. Ikiwa tiki imebaki moja kwa siku kadhaa, huenda namba uliyopewa anaitumia anaposafiri tu, na baruapepe ndiyo njia.

Mama angoje mpaka Jumanne ya wiki inayofuata, kisha aandike akiijibu barua yake ya kwanza, ili cheti na maelezo yabaki chini na mzee asitafute. "Uliipata barua yangu?" ni swali la kumtia mtu hatiani. Aje na jambo jipya:

"Mzee, shikamoo. Alhamisi ninapeleka sampuli nyingine Dar es Salaam kwa ajili ya kusafirishwa, na chupa zako mbili zinaweza kwenda humo humo. Nikipata anwani kabla ya Jumatano jioni nitaziweka. Cheti kiko hapo chini."

Hiyo safari ya Alhamisi iwe ya kweli. Tarehe ya kubuni hujulikana, hasa kwa mfanyabiashara aliyezoea kuambiwa kwamba mzigo umebaki mmoja tu.

Zikipita wiki tatu bila neno, unabaki ujumbe wa mwisho, nao umfungulie mlango wa kukataa bila aibu. Katika mila zetu mtu humwonea mwenzake haya kumwambia "hapana", akachagua kunyamaza. Ukimsaidia kuitamka utajua ulipo:

"Mzee, shikamoo. Huenda msimu huu mahitaji yako yameshatimia, nami sitaki kukusumbua. Kama ndivyo, nijulishe tu kwa neno moja. Na kama kuna mwingine ofisini anayeshughulikia ununuzi, nitashukuru ukinielekeza kwake. Mavuno yajayo nitakutumia cheti kipya."

Sentensi ile ya kuelekezwa kwa mwingine huweza kuleta jibu, kwa kuwa ni rahisi kwa mtu kupeleka barua mbele kuliko kuamua. Na uliyechelewa, kadi yako ikiwa na mwezi mzima mfukoni, andika tu leo bila aya ya kuomba radhi: "Tulikutana Arusha mwezi uliopita, cheti nilichokuahidi hiki hapa." Mwenzako hakuwa anahesabu siku kama wewe.

Baada ya ujumbe wa tatu, nyamaza. Usipige simu, usimtume mtu mnayefahamiana naye akamuulize. Iandike namba yake kwenye daftari la msimu ujao, na maabara ikitoa cheti kipya, mwandikie.