Kunasa na Kushikilia: Siri ya Kitanzi cha Kufunga Fezi

Mwanafunzi anayeijaribu saketi ya NE565 kwa mara ya kwanza huona jambo linalofanana na kasoro. Anaiingizia wimbi la kilohezi 14, lakini saketi hailijali. Wimbi lake la ndani linaendelea na kilohezi zake 10, na kwenye skrini ya osiloskopu wimbi la nje linateleza tu bila kutulia. Anashusha masafa polepole, na yanapofika 10.9 hivi, mawimbi yote mawili yanatulia ghafla kama yamegandishwa pamoja. Kisha anapandisha tena hadi 14, palepale alipokataliwa mwanzo, na safari hii saketi inakwenda naye bila kuachia.

Hakuna kilichoharibika. Saketi hiyo ni kitanzi cha kufunga fezi, na umbali ambao inaweza kulishikilia wimbi ililokwisha kulinasa ni mkubwa kuliko ule ambao inaweza kulinasa wimbi geni.

Ndani yake mna viungo vitatu. Kwanza kuna kitoa mawimbi kinachoongozwa na volti: volti ikibadilika, masafa nayo hubadilika. Katika jaribio hili rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 3 vimekipanga kitoe kilohezi 10 kikiachwa peke yake. Cha pili ni kilinganishi cha fezi, kinachopima wimbi moja limetangulia au limechelewa kiasi gani nyuma ya jingine. Cha tatu ni chujio, yaani rezista ya kiloomu 3.6 iliyomo ndani ya chipu na kapasita ya nje ya maikrofaradi 0.33. Kilinganishi hupeleka volti kwenye chujio, chujio huituliza, nayo hurudi kukiongoza kitoa mawimbi.

Tuanze na hali ya kushikilia. Kwa masafa ya kilohezi 10 mawimbi hayo hayaendi sambamba kabisa. Hupishana kwa nyuzi 90, na hapo kilinganishi hakisukumi upande wowote. Masafa ya nje yakipanda hadi 12, pengo hilo husogea kwa nyuzi 27 hivi, volti hubadilika, na kitoa mawimbi hupanda hadi 12 kamili. Hiyo ndiyo namna ya kufuata: kinachobaki ni tofauti ya fezi, si ya masafa. Lakini pengo lina mwisho wake. Likifika nyuzi 0 au 180, kilinganishi kimetoa nguvu yake yote. Kwa NE565 inayotumia umeme wa volti 12, mwisho huo uko kilohezi 6.7 kila upande, kwa hiyo eneo la kushikilia ni kati ya 3.3 na 16.7.

Kunasa ni kazi nyingine kabisa. Kabla ya kufungana, kilinganishi hutoa volti inayopanda na kushuka kwa kasi ya tofauti ya masafa. Nje kukiwa na 14, tofauti ni kilohezi 4, na chujio hili huanza kukandamiza tangu hezi 134. Mpando huo wa kasi hupunguzwa mara 30, kwa hiyo kitoa mawimbi kinayumba hezi 220 tu, wakati kinahitaji 4,000. Hakifiki. Kwa 10.9 tofauti ni hezi 900 tu. Chujio hupunguza mara 7 hivi, na myumbo unakaribia hezi 1,000. Unatosha kuligusa wimbi la nje, na mara linapoguswa tofauti hupungua, chujio hulegea, na kitanzi hufunga. Ndiyo maana eneo la kunasa ni kama hezi 945 tu kila upande.

Kapasita ikipunguzwa mara kumi, eneo hilo hupanuka hadi karibu kilohezi 3. Gharama yake ni kwamba kelele nazo hupenya, na wimbi la ndani huanza kutikisika.

Kasi ya mabadiliko nayo ina uzito wake. Masafa yakiruka ghafla kutoka 10 hadi 16, chujio hukawia, fezi hupita mwisho wake kabla volti haijafika, na kifungo hukatika. Kwa kuwa 16 iko nje ya eneo la kunasa, kitanzi hakirudi chenyewe, ingawa kingefika huko kama kingepelekwa taratibu.

Kuna mtego mmoja zaidi. Wimbi la ndani ni la mraba, na ndani ya wimbi la mraba mna masafa ya mara tatu yake. Kwa hiyo wimbi la nje la kilohezi 30 laweza kufunga kitanzi kilichoko 10, na skrini ikaonyesha utulivu kamili. Fundi makini huhesabu: kama kila wimbi moja la ndani lina matatu ya nje, kifungo hicho si kile alichokitaka.