Mshahara Uliolipwa Zaidi: Namna ya Kuurejesha kwa Awamu na Kuuandika Vitabuni

Mfanyakazi aliyelipwa zaidi ya stahili yake kwa makosa ana deni kwa mwajiri. Hata hivyo, kiasi cha deni hilo si kile ambacho waajiri wengi hukidai. Katika sehemu hii tunaeleza, kwa mfano wa duka dogo la Tanzania Bara, ni kiasi gani mfanyakazi anapaswa kurudisha, makubaliano yaandikwe vipi, na vitabu vya hesabu vionyeshe nini hadi deni liishe.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye wafanyakazi sita. Karani wa ghala hulipwa mshahara ghafi wa shilingi 700,000 kwa mwezi. Mwezi Februari alifanya kazi saa za ziada, akalipwa shilingi 120,000 pamoja na mshahara wa mwezi huo. Mwezi Machi mtunza hesabu alitumia tena jedwali la Februari bila kuifuta posho ile, na karani akalipwa kwa hesabu ya shilingi 820,000. Kosa liligunduliwa katikati ya Aprili. Mwenye duka alimwita karani na kumtaka arudishe shilingi 120,000 mwisho wa mwezi. Karani alikwisha kulipa ada ya mtoto kwa fedha hizo, na akajibu kwamba shilingi 120,000 hazikuwahi kufika mikononi mwake.

Karani alisema kweli. Kabla ya mshahara kumfikia, mwajiri hukata mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, asilimia 10 kwa upande wa mfanyakazi, kisha kodi ya ajira, ambayo kwenye hati ya mshahara huandikwa PAYE. Katika zile shilingi 120,000 za ziada, shilingi 12,000 zilikwenda NSSF. Zilizobaki, 108,000, ziliangukia katika ngazi ya kodi ya asilimia 20, hivyo shilingi 21,600 zikaenda Mamlaka ya Mapato. Karani alipokea ziada ya shilingi 86,400 tu. Mtu anaweza kulihakiki hilo kwa kulinganisha hati mbili: mshahara sahihi wa Machi ungemwachia shilingi 588,000 mkononi, naye alipokea 674,400.

Kwa hiyo kiasi cha kudai ni shilingi 86,400. Mwajiri anayekata 120,000 kutoka katika mshahara uliokwisha kutozwa kodi humfanya mfanyakazi alipe kodi na mchango wa fedha ambazo hakuzipata. Zile 33,600 zilizobaki hazimhusu karani. Mwajiri atazifuata kwa Mamlaka ya Mapato na NSSF kwa kurekebisha taarifa zake za Machi. Kodi ya ajira hulipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Kosa lingegunduliwa kabla ya tarehe 7 Aprili, na taarifa ikawa haijawasilishwa, ingetosha kuwasilisha taarifa sahihi tangu mwanzo, na kodi isingekuwa na cha kufuatiliwa.

Makubaliano ya maandishi

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamzuia mwajiri kukata mshahara, isipokuwa pale sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au tuzo inaporuhusu, au pale mfanyakazi anapokubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Kifungu hichohicho kinatambua kwamba malipo yaliyozidi kwa kosa la kukokotoa yanaweza kurudishwa. Haki ya kurejeshewa ipo, lakini haimpi mwajiri ruhusa ya kukata kimyakimya.

Barua ya makubaliano yapaswa kutaja mwezi wa kosa, chanzo chake, hesabu iliyozaa shilingi 86,400, kiasi cha kila awamu, na miezi ya kukatwa. Iseme pia salio litakavyolipwa iwapo mfanyakazi ataacha kazi kabla ya deni kwisha. Pande zote mbili zitie sahihi, na kila upande ubaki na nakala. Karani wetu na mwajiri wake walikubaliana awamu tatu za shilingi 28,800, Mei hadi Julai. Kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi, sheria inaweka kikomo cha makato cha robo ya mshahara. Malipo yaliyozidi si hasara ya namna hiyo, lakini kikomo hicho ni kipimo chema kwa wanaojadiliana ukubwa wa awamu.

Vitabuni

Maandiko ya Machi hayafutwi. Mtunza hesabu huandika sahihisho la Aprili lenye kumbukumbu ya barua. Upande wa debiti huweka shilingi 86,400 katika akaunti ya deni la mfanyakazi, 21,600 katika kodi inayodaiwa Mamlaka ya Mapato, na 12,000 katika mchango unaodaiwa NSSF. Upande wa krediti hupunguza gharama za mishahara kwa 120,000. Kwa kuwa mwajiri naye huchangia asilimia 10, shilingi 12,000 nyingine huongezwa katika dai la NSSF, na gharama za michango hupunguzwa kwa kiasi hichohicho.

Kuanzia Mei, mshahara ghafi kwenye hati unabaki 700,000, mchango 70,000 na kodi 42,000. Chini yake huongezwa mstari mmoja: marejesho ya malipo yaliyozidi Machi, 28,800. Karani hupokea 559,200. Kupunguza mshahara ghafi wenyewe ni kosa. Kungeonyesha kipato kisicho cha kweli kwa benki na kwa NSSF, na kungevuruga hesabu ya kodi ya mwezi usiohusika.

Ile 28,800 huandikwa upande wa krediti wa akaunti ya deni la mfanyakazi. Kosa tunalokutana nalo mara nyingi ni kuiandika kama mapato ya duka, au kuipunguza katika gharama za mishahara. Gharama ilikwisha kupunguzwa Aprili. Ikipunguzwa tena, faida ya duka huonekana kubwa kuliko ilivyo, na deni hubaki vitabuni ingawa mfanyakazi amelipa. Dalili yake ni rahisi kuiona. Salio la akaunti ya deni linapaswa kuwa 57,600 mwisho wa Mei, 28,800 mwisho wa Juni, na sifuri mwisho wa Julai. Lisiposhuka hivyo, awamu imeandikwa pasipostahili.

Mfanyakazi naye awe na karatasi tatu: hati ya Machi yenye kosa, barua ya makubaliano, na hati ya kila mwezi aliokatwa. Akijumlisha mistari ya marejesho apate 86,400, na mwezi Agosti mstari huo uwe umetoweka. Ukiendelea kuonekana, amwandikie mwajiri mara moja. Wasipoelewana, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na karatasi hizo tatu ndizo ushahidi wake.