Usiwashe Kwanza

"Usiwashe kwanza." Huo ndio mstari wa kwanza kwenye karatasi ya muuza pikipiki mmoja wa Tandika, Dar es Salaam. Ameiandika kwa mkono, pembeni imeshaingia oili, na leo anarekodi video ya simu ya kuwaonyesha wateja namna ya kukagua pikipiki iliyotumika kabla hawajatoa pesa. Mpwa wake ndiye mshika simu. Pikipiki ya mfano ni Boxer nyeusi ya sisi 150, iliyotoka kwenye bodaboda.

Anaanza kwa kuweka kiganja kwenye mapezi ya injini. "Ndugu mtazamaji, hii imelala hapa tangu jana, imepoa kabisa. Ukifika kwa muuzaji ukakuta injini ina moto, mwambie utarudi kesho asubuhi." Ana sababu. Injini iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, na moshi wake wa kwanza hutoka wakati huo. Aliyeiwasha kabla hujafika amekuondolea ushahidi.

Swichi ikiwa bado imezimwa, anabonyeza kiki taratibu kwa mkono. Inashuka kidogo, inagoma, kisha inaachia. Huko kugoma ndiko kompresheni. Kiki ikishuka moja kwa moja bila kugoma popote, ringi au valvu zimekwisha, na mnunuzi hana haja ya kusikiliza sifa nyingine.

Sasa anawasha. Mpwa anasogeza simu nyuma, kwenye ekzosi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, lakini karatasi inatofautisha hali mbili. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu, kazi isiyo kubwa sana. Ukizidi kila unapovuta mafuta, hizo ni ringi na silinda, na hapo bei ya pikipiki ijumlishwe na ya kufungua injini. Hii nyeusi inatoa kidogo, kisha inasafika. Anasema hivyo hivyo mbele ya simu, bila kuzunguka.

Hila moja anaitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba majirani zake wa biashara wanamsikia: kuna wanaomwaga oili nzito ili injini ikae kimya. Oili hiyo hulegea ikipata moto, kwa hiyo yeye humwachia mteja aendeshe dakika kama ishirini, kisha arudi kusikiliza upya. Kelele iliyofichwa na oili hujitokeza hapo.

Mita inasoma kilomita 18,400. Mwenye yadi anacheka. Kadi inaonyesha pikipiki imesajiliwa miaka mitatu iliyopita. Bodaboda akitembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, anapita 31,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni zaidi ya 90,000. Kebo ya mita ilichomolewa zamani. Badala ya mita, anamwonyesha mtazamaji raba ya kiki na za kukanyagia miguu: zimelika hadi chuma kinachungulia.

Halafu anaipandisha kwenye stendi kubwa, anakandamiza nyuma ili tairi la mbele lining'inie, na kugeuza usukani polepole kushoto na kulia. Simu haiwezi kuonyesha anachokitafuta, kwa hiyo anamwambia mpwa aiweke chini ashike mwenyewe.

"Mjomba, inanasa katikati."

Ndicho alichotaka. Pikipiki hutembea zaidi usukani ukiwa umenyooka, na kila shimo la barabarani hugongesha gololi za beringi ya shingo pale pale, mpaka vikombe vyake vinatoboka vishimo. Ukiwa barabarani, usukani unataka kujikaza kwenye mstari mmoja na pikipiki huyumba. Beringi hubadilishwa, na gharama ya kifaa na fundi anaikata kwenye bei hapo hapo. Akinasa na usukani mzito, anaangalia pia kama rangi ya shingo imepasuka au imepakwa upya, kwani hapo ndipo fremu iliyogonga husema.

Cheni anaimaliza kwa kidole: anaivuta nyuma ya sproketi, na nusu ya jino ikionekana, seti nzima inabadilishwa.

Sehemu anayoikalia zaidi ni kadi. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za mkataba: dereva anapeleka hesabu kila siku, na kadi inabaki kwa mwenye mali mpaka amalize. Asiyemaliza anaweza kuiuza akiahidi kuileta kadi "wiki ijayo". Kwa hiyo anataka aliyeandikwa kwenye kadi ya TRA afike mwenyewe na kitambulisho, kisha analinganisha namba ya chesisi iliyogongwa shingoni.

Anaifuta vumbi kwa kitambaa. Yeye anasoma shingoni, mpwa anafuata kwenye kadi, herufi na tarakimu 17, wakianza na M ya pikipiki za India. Kwenye ya tisa wanagongana: mmoja ameona 8, mwingine B. Mjomba anamwaga petroli kidogo kwenye kitambaa, anasugua tena, na wanaanza upya kutoka M.