Dakika 20, si Mgeni Rasmi

Barua nyingi za vyama vya wanafunzi wa vyuo hapa Tanzania huanza kwa YAH yenye herufi kubwa, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mhitimu hufika aya ya tatu ndipo agundue kwamba anaombwa awe mgeni rasmi. Hapo huanza kupiga hesabu, maana kwa desturi yetu mgeni rasmi huja na bahasha, na risala itakayosomwa mbele yake haitasahau kutaja projekta iliyoharibika. Mtu ambaye angezungumza bure anaamua kunyamaza.

Kama mnachotaka ni mazungumzo ya dakika 20 kuhusu kazi, semeni hivyo mapema. Tuseme wanafunzi wa uhandisi ujenzi wanamtafuta mhitimu wa idara yao anayesimamia ulazaji wa mabomba ya maji. Wangeweza kumwandikia hivi:

"Shikamoo Mhandisi. Sisi ni wanafunzi 35 wa mwaka wa tatu katika idara uliyosoma. Tunaomba uzungumze nasi kwa dakika 20, Jumamosi tarehe 14 Novemba, saa 4:00 asubuhi, ukumbini au kwa Zoom. Yatafuata maswali ya dakika 15, na kabla ya saa 4:40 tutakuwa tumemaliza. Tungependa kusikia ulivyoipita miaka mitatu ya mafunzo ya vitendo kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Hatutarajii mchango wowote. Kama siku hiyo haifai, tutajie Jumamosi nyingine."

Swali hilo limebanwa makusudi. Mkimwambia "tueleze safari yako ya mafanikio," ataanzia shule ya msingi, na dakika 20 zitaisha akiwa kidato cha nne. Zoom nayo si mapambo: kwa foleni za Dar es Salaam, dakika 20 za ukumbini zinaweza kumla mtu asubuhi nzima.

Kwa mtumishi wa umma, angalieni barua inakwenda wapi. Ikipelekwa ofisini itapita masjala, ipande kwa mkurugenzi, na huenda ikamfikia mhusika shughuli ikiwa imekwisha. Njia hiyo ni ya lazima mkitaka aisemee taasisi. Mkimtaka aeleze maisha yake ya kazi kama mhitimu wenu, mwandikieni yeye mwenyewe, naye ataamua kama anahitaji ruhusa. Juni iepukeni, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 na watu hawana nafasi.

Wiki ikipita kimya, kumbusheni mara moja tu. Akikubali, mtumieni ujumbe wa WhatsApp siku moja kabla, wenye saa na jina la mwanafunzi atakayempokea. Akikataa, muulizeni kama ofisini kwake yupo aliyehitimu miaka miwili mitatu iliyopita. Mara nyingine huyo ndiye anayefaa zaidi, kwa sababu bado anakumbuka maswali aliyoulizwa kwenye usaili na jinsi alivyoishi kabla mshahara wa kwanza haujaingia.