Rubela na Tetekuwanga katika Ujauzito: Walio Hatarini Nyalikungu na Tafsiri ya Vipimo vya Damu

Makala haya yanafafanua ni mjamzito yupi wa Nyalikungu, wilayani Maswa, aliye hatarini anapokaribiana na mgonjwa wa rubela au tetekuwanga. Hoja inayotetewa ni kwamba tarehe ya kutoa damu ina uzito sawa na jibu la maabara.

Chanjo ya surua-rubela iliingizwa nchini Oktoba 2014 kwa kampeni iliyowalenga watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1997 alikuwa amekwisha kupita umri huo. Kinga yake hutegemea kama aliugua utotoni. Wengi waliugua: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kati ya wajawazito 342 jijini Mwanza, 317 walikuwa na kingamwili za IgG dhidi ya rubela. Hatari imo kwa wachache waliosalia, nao hawatambuliki kwa kuulizwa tu, kwa kuwa rubela mara nyingi hupita bila dalili au hufanana na vipele vingine.

Tuchukue mfano wa mwanamke huyo akiwa na mimba ya wiki 10, naye amemuuguza mtoto mwenye rubela. Damu ikitolewa ndani ya siku 10 tangu wakaribiane, IgG ikaonekana bila IgM, kinga hiyo ni ya zamani. IgG isipoonekana, hana kinga; kipimo hurudiwa baada ya wiki 3 hadi 4, na IgG ikijitokeza safari hii, ameambukizwa. Akifika kliniki wiki 5 baadaye, IgG peke yake haiwezi kutenganisha kinga ya zamani na maambukizi mapya. IgM nayo huweza kutoa jibu chanya la uongo, hivyo huthibitishwa kwa kupima nguvu ya IgG kushikamana na virusi: ikiwa dhaifu, maambukizi ni ya karibuni. Tofauti hiyo ni nzito, kwani maambukizi kabla ya wiki 12 huweza kudhuru hadi vijusi 9 kati ya 10, kwa uziwi, mtoto wa jicho au kasoro za moyo. Baada ya wiki 20 madhara ni nadra.

Kwa tetekuwanga, ambayo haimo katika chanjo za kawaida za taifa, historia ya kuugua huaminika zaidi. Asiyekumbuka kuugua hupimwa IgG mapema, maana immunoglobulini ya kinga hufaa ndani ya siku 10 tu. Kijusi hudhurika kwa nadra. Tishio kubwa ni nimonia kwa mama, na ugonjwa mkali kwa mtoto mchanga endapo mama atatokwa na vipele karibu na siku ya kujifungua.

Kwa hiyo, kadi ya kliniki inapaswa kuonyesha tarehe ya kukaribiana na mgonjwa, umri wa mimba na tarehe ya sampuli. Asiye na kinga ya rubela huchanjwa baada ya kujifungua, kwa kuwa chanjo hiyo yenye virusi hai haitolewi wakati wa ujauzito.