Kikombe cha kalamu: saa ya kwanza ndani ya Tinkercad

Tinkercad ni programu ya kuchora maumbo ya pande tatu. Inamilikiwa na kampuni ya Autodesk, hutumika bila malipo, na hufunguka ndani ya kivinjari, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Kazi yake yote imejengwa juu ya mambo mawili: kuunganisha maumbo na kutoboa maumbo. Mtoto akiyaelewa hayo mawili katika saa yake ya kwanza, mengine atajifunza mwenyewe. Zoezi zuri la kuyaelewa ni kikombe cha kuwekea kalamu, chenye kishikio.

Ukifungua mchoro mpya utaona uwanja wa buluu wenye mistari, unaoitwa Workplane, na maumbo yamepangwa kuliani. Chukua Cylinder, lile la rangi ya chungwa, uliburute hadi uwanjani. Ukilibofya, vidoti vyeupe hutokea pembeni mwake pamoja na vipimo kwa milimita. Bofya tarakimu uandike zako: upana 60 kwa 60, kimo 90. Kisha sogeza Sides hadi 64, la sivyo ukuta utakuwa na pembepembe badala ya kuwa mviringo. Kabla ya kuendelea, mwache mtoto ashike kitufe cha kulia cha kipanya na kuzungusha uwanja. Wanaoanza hukwama mara nyingi kwa sababu wanalitazama umbo kutoka upande mmoja tu.

Sasa leta Cylinder ya pili. Ipe upana 54 kwa 54, kimo 90, halafu bofya Hole. Itageuka kijivu chenye milia. Hili ni umbo la kutoboa: popote litakapogusana na umbo gumu, pataondolewa. Kwa kuwa 60 ukitoa 54 ni 6, ukuta utabaki na unene wa milimita 3 kila upande.

Kikombe kinahitaji kitako. Juu ya umbo la kijivu kuna mshale mweusi. Uvute hadi umbo liinuke milimita 3 kutoka uwanjani. Mdomoni litachomoza milimita 3 juu ya lile la chungwa, na ndivyo inavyotakiwa. Umbo la kutoboa likiishia sawasawa na mdomo, huweza kubaki utando mwembamba unaoziba kikombe.

Ili kuyaweka katikati, chagua yote mawili huku umeshika Shift, kisha bonyeza L. Vidoti vyeusi vitatokea. Bofya cha kati kwenye kingo mbili za chini tu. Vile vya wima usiviguse, maana vitayalinganisha maumbo kwa kimo pia na kitako kitatoweka.

Usiunganishe bado, kwanza weka kishikio. Leta Torus, ile pete, uizungushe nyuzi 90 ili isimame. Shika Shift, uvute pembe yake hadi iwe na kimo cha kama milimita 40, uiinue hadi katikati ya ukuta, kisha uisogeze mpaka nusu yake iingie ndani ya kikombe. Sasa chagua maumbo yote matatu na ubonyeze Ctrl+G, yaani Group. Silinda ya chungwa na pete vitakuwa kitu kimoja, umbo la kijivu litavikata vyote, na ndani patabaki peupe.

Mpangilio huo una sababu yake. Ukiunganisha silinda mbili kwanza, ukaongeza pete baadaye, nusu ya pete itabaki ndani ya kikombe na kuzizuia kalamu. Tundu lilikwisha kukatwa, na halikati kitu kinachokuja baadaye. Likitokea hilo, chagua kikombe, bonyeza Ctrl+Shift+G, na maumbo yote yatarudi yalivyokuwa, pamoja na lile la kijivu. Kisha uyaunganishe upya yote matatu kwa pamoja.

Baada ya kuunganisha, kagua. Tazama ndani kutoka juu: ukiona mistari ya uwanja, kitako hakipo, kwa hiyo umbo la kijivu halikuinuliwa. Kikombe kikiwa kimejaa tele, ulisahau kubofya Hole, na maumbo yamejumlishwa badala ya kutoboana.

Kikombe kikiwa sawa, rudisha maumbo kwa Ctrl+Shift+G, umpe mtoto swali: tundu la mraba je? Mwambie aiondoe silinda ya kijivu na kuweka Box ya 54 kwa 54. Akiunganisha, pembe nne zitapasua ukuta, kwa sababu mraba huo una milimita 76 kutoka pembe hadi pembe, na kikombe kina 60 tu. Apunguze hadi 38 kwa 38: pembe hadi pembe sasa ni kama 54, na ukuta unabaki na milimita zake 3 palipo pembamba zaidi.