Mikoa 31 Haienei Kwenye Duara Moja

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliwakuta Tanzania watu 61,741,120. Walikuwa wametawanyika katika mikoa 31: 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Mtu yeyote aliyepewa kazi ya kuwaonyesha wasomaji mgawanyo huo kwa picha, awe mwandishi wa habari, mwalimu wa jiografia au ofisa mipango wa halmashauri, hushawishika kwanza kuchora chati duara. Taifa ni moja, mikoa ni sehemu zake, basi duara likatwe vipande. Kompyuta hulichora kwa mibonyezo miwili, na hapo ndipo shida inapoanza.

Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728, ndiyo kubwa kuliko yote. Hata hivyo kipande chake ni asilimia 8.7 tu ya duara, sawa na pembe ya nyuzi 31. Baada ya hapo vipande vinazidi kukonda hadi Kusini Unguja, yenye watu 195,873 na pembe ya nyuzi moja na ushei. Kwenye duara lenye kipenyo cha sentimita 12, kipande hicho kina upana wa milimita 1.2 pale ukingoni, na kadiri kinavyokwenda katikati kinakuwa unywele. Jina haliandikiki ndani yake. Mchoraji hulazimika kuweka orodha ya rangi pembeni, rangi 31, na msomaji hubaki kuhangaika akitafuta kijani cha Singida ni kipi kati ya kijani vinne.

Hata rangi zingesomeka, bado kuna tatizo la jicho. Mwaka 1984 wanatakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio ya kupima ni kwa usahihi gani watu hukadiria viwango kwenye michoro. Waliona kwamba jicho hufanya vizuri zaidi linapolinganisha vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, vinavyoanzia mstari mmoja. Likitakiwa kupima pembe, makosa huongezeka. Watafiti waliofuata wamebishana kama kwenye chati duara watu husoma pembe hasa au ukubwa wa kipande, lakini kwa mtu anayetaka kujua mkoa upi unauzidi upi, ubishi huo haumsaidii sana.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha. Mwanza ina watu 3,699,872 na Tabora inayoifuata ina 3,391,679. Tofauti yao ni watu 308,193, zaidi ya wakazi wote wa Kaskazini Pemba. Kwenye duara letu la sentimita 12, tofauti hiyo ni chini ya nyuzi mbili, kama milimita mbili za ukingo, tena kwenye vipande vilivyoelekea pande tofauti. Hakuna anayeweza kuiona kwa hakika. Sasa watu walewale wachorwe kwa pau za kulala, ya Dar es Salaam ikiwa na urefu wa sentimita 12. Pau ya Mwanza inaizidi ya Tabora kwa karibu milimita saba, na zote mbili zinaanzia mstari uleule. Mtoto wa shule ya msingi ataiona. Kusini Unguja nayo, iliyokuwa unywele, inapata pau fupi ya milimita nne na jina lake kamili kando.

Wengi wanaouona ubaya wa vipande vingi hukimbilia dawa nyingine: kuvikusanya vidogo vyote kwenye kipande kimoja kinachoitwa “Mingineyo”. Kwa sensa hii dawa hiyo inaleta kichekesho. Tuseme mchoraji ameamua kwamba kila mkoa ulio chini ya asilimia mbili uingie kwenye kapu hilo. Wataingia Lindi, Iringa, Katavi na Njombe, pamoja na mikoa yote mitano ya Zanzibar. Jumla yao ni watu 6,319,433, yaani asilimia 10.2. Kipande kikubwa kuliko vyote kwenye chati sasa ni “Mingineyo”, kikiipita hata Dar es Salaam, na Zanzibar nzima imetoweka kwenye picha ya Tanzania. Mhariri makini hawezi kuipitisha chati hiyo, na kwa kweli mwanasiasa yeyote wa Unguja angempigia simu kabla ya saa nne asubuhi.

Kuna ambao badala yake huweka tundu katikati ya duara, au huliinamisha lionekane lina unene. Tundu halipunguzi idadi ya vipande. Kuinamisha ni kubaya zaidi, kwa sababu vipande vya mbele huonekana vikubwa kuliko vya nyuma hata kama vina idadi sawa.

Ajabu ni kwamba aliyezichora chati hizi mwanzo alikuwa na kipimo kizuri cha wapi kila moja inafaa. William Playfair, Mskoti, alichapisha grafu ya pau mwaka 1786 kuonyesha biashara ya Uskoti na nchi na maeneo 17 kwa mwaka mmoja. Miaka 15 baadaye, mwaka 1801, ndipo alipochora duara lililokatwa vipande, kwa ajili ya Dola ya Kituruki. Vipande vilikuwa vitatu: ardhi yake ya Asia, ya Ulaya na ya Afrika.

Grafu ya pau yenyewe ina mambo yake ya kuangalia. La kwanza ni mpangilio. Jedwali la serikali hupanga mikoa kwa utaratibu wake, likianzia Dodoma, Arusha na Kilimanjaro, na mchoraji mvivu huuacha hivyohivyo. Pau zikafuata utaratibu huo, zinapanda na kushuka bila sababu, na msomaji hupoteza ile faida aliyokuwa ameipata. Zipangwe kwa ukubwa, kubwa juu. Ndipo mambo yasiyotarajiwa hujitokeza: kwamba Lindi na Iringa zimekaribiana mno, zikitofautiana kwa watu 1,300 tu, na kwamba baada ya Dar es Salaam kuna kushuka kwa ghafla, kisha mteremko wa taratibu hadi chini.

La pili ni sifuri. Pau hueleza idadi kwa urefu wake, kwa hiyo lazima urefu uanzie sifuri. Mtu akianzisha kipimo kwenye watu milioni moja ili “kuokoa nafasi”, pau ya Dar es Salaam itaonekana ndefu mara karibu 29 kuliko ya Katavi, ilhali watu wake ni chini ya mara tano. Njombe na mikoa yote ya Zanzibar haitakuwa na pau kabisa.

Kwenye Excel kazi yote haichukui muda. Majina ya mikoa yakae safu ya kwanza na idadi safu ya pili, kisha data ipangwe kwa `Sort Largest to Smallest`. Katika `Insert` ichaguliwe `Clustered Bar`, ile ya pau za kulala, kwa sababu jina kama “Mjini Magharibi” halikai vizuri chini ya pau iliyosimama. Hapo wengi hushtuka: Dar es Salaam imekwenda chini kabisa. Programu huanza kuhesabu kutoka chini, na kinachotakiwa ni kubofya orodha ya majina, kufungua `Format Axis` na kuweka alama kwenye `Categories in reverse order`. Kama chati ni fupi, Excel huruka baadhi ya majina bila kumwambia mtu. Dalili yake ni kuona pau nyingi kuliko majina. Tiba yake ni kuirefusha chati, takriban nusu sentimita kwa kila mkoa, na palepale kwenye `Format Axis`, chini ya `Labels`, kuandika 1 kwenye `Specify interval unit`. Rangi moja inatosha kwa pau zote. Ya pili ihifadhiwe kwa mkoa unaozungumziwa kwenye makala.

Je, chati duara itupwe? Hapana, na mfano wa kuitetea umo kwenye takwimu hizihizi. Tuseme swali si mkoa upi ni mkubwa, bali mikoa sita ya Kanda ya Ziwa ina uzito gani kwa taifa. Mwanza, Kagera, Geita, Mara, Shinyanga na Simiyu kwa pamoja zina watu 16,420,590, sawa na asilimia 26.6. Duara lenye vipande viwili, Kanda ya Ziwa na nchi iliyobaki, linalisema hilo papo hapo: robo na kidogo. Jicho linaijua robo ya duara bila kufundishwa. Grafu ya pau haiwezi kujumlisha. Hata pau hizo sita zikipakwa rangi moja, msomaji hawezi kuziunganisha kichwani. Basi duara ni la maswali ya sehemu chache dhidi ya zima, na vipande vikizidi vitano au sita linaanza kuchoka.

Ugumu mkubwa zaidi huja pale sensa mbili zinapolinganishwa. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 kati ya 44,928,923. Miaka kumi baadaye watu wake wameongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Lakini yachorwe maduara mawili pamoja, na kipande cha Dar es Salaam kitaonekana kimepungua, kutoka nyuzi 35 hadi 31, kwa kuwa nchi nzima ilikua haraka kuliko jiji hilo. Duara linaonyesha mgao, wala halioni ongezeko.

Kwa kazi hiyo grafu ya nukta inazishinda hata pau. Kila mkoa unapata mstari wake mwembamba wenye nukta mbili, moja ya 2012 na nyingine ya 2022, na kipande cha mstari kinachoziunganisha ndicho ongezeko lenyewe. Mwanza inatoka 2,772,509 hadi 3,699,872 na mruko wake unaonekana bila hesabu yoyote. Mahali pa kujihadhari ni Mbeya. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 2,707,410, na mwaka 2022 ina 2,343,754, hivyo nukta zake zinarudi nyuma kana kwamba watu wamehama. Hawakuhama. Mwaka 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa kamili, na mchoraji anayejua hilo huweka mstari mmoja wa “Mbeya na Songwe”, wenye nukta ya pili kwenye 3,688,441.